Bosi anataka kumwondoa afisa mauzo wa Mwanza kwa sababu ya mauzo ya robo moja, ila namba zingine zinaongea tofauti. Naombeni mawazo

Mratibu wa Sola
Wakuu habari za jioni. Niko kampuni moja hapa Dar, tunauza na kufunga mifumo ya sola kwa pampu za visima vya wakulima, mabweni ya shule binafsi na hoteli ndogo ndogo. Mimi kazi yangu ni kuratibu mauzo, yani ripoti zote za maafisa mauzo zinapita kwangu kabla hazijafika kwa bosi.

Sasa robo ya Aprili mpaka Juni imeisha na bosi anaangalia kitu kimoja tu, mauzo. Afisa wa Dar kaleta milioni 212. Dada wa Mwanza, alieanza Januari, kaleta milioni 64. Targeti ya kila mmoja ni milioni 90. Kwaiyo bosi kasema jamaa wa Dar apewe bonasi na dada wa Mwanza tuachane nae mwisho wa mwezi huu wa saba.

Kinachonisumbua ni kwamba kwenye hizo milioni 212, milioni 150 ni dili moja la shule, mwenye shule alikuja ofisini mwenyewe mwaka jana Oktoba, anafahamiana na bosi. Ukiitoa hiyo jamaa kabaki na dili nne za jumla milioni 62. Yani yuko sawa na huyo dada anaetaka kufukuzwa. Nimeambiwa niandae ripoti, nataka nimwekee bosi na vitu vingine pembeni: paiplaini ya kila mmoja, yani dili zilizo wazi anazofuatilia, ina dili ngapi, anaklozi ngapi katika anazofuatilia, na dili inachukua siku ngapi toka inaanza mpaka hela inaingia. Swali langu, hizi namba tatu nazipimaje ili zisije zikanigeuka mbele ya bosi?

Kijana wa Ubungo
Mkuu tatizo hapo ni komisheni ndogo. Ongezeni komisheni na mtangaze Instagram, mauzo yatapanda yenyewe. Sisi tulifanya hivyo kwenye simu zikatoka.

Mratibu wa Sola
Ndugu asante ila swali langu sio jinsi ya kuongeza mauzo, ni jinsi ya kumpima mtu kwa haki.

Baba Neema
Mimi naona mnazunguka sana. Mauzo ni mauzo. Mshahara wa mwisho wa mwezi haulipwi na paiplaini, unalipwa na hela iliyoko benki. Mtu akileta milioni 212 kaleta, hata kama mteja alikuja mwenyewe yeye ndo alimhudumia mpaka akalipa. Hizo namba zingine mara nyingi nimeona zinatumika kumtetea mtu asieuza.

Mama Profoma
Baba Neema una hoja kwenye hela benki, na kama ni kulipa komisheni kwa hela iliyoingia nakubaliana nawe moja kwa moja. Lakini bosi haulizi nani alipwe kwa kazi iliyopita, anaamua nani abaki kwa ajili ya miezi inayokuja, na mauzo ya Aprili hadi Juni yanakuelezea kazi iliyofanyika Januari, Februari, mingine mwaka jana kabisa. Kwenye bidhaa ambayo mteja anachukua miezi miwili mitatu kuamua, ukisubiri mauzo yakwambie kuna tatizo ujue tatizo lina miezi mitatu tayari.

Mratibu, nimesimamia timu za mauzo ya mashine za viwandani miaka mingi, naomba nianze na hili. Kabla hujapiga hesabu yoyote nenda kasafishe hiyo orodha. Jamaa wa Dar ana dili ngapi zilizo wazi kwenye shiti na dada ana ngapi?

Mratibu wa Sola
Jamaa 31. Dada 18. Na bosi ameshaona hiyo 31, ndo maana anamuona jamaa ana kazi nyingi mkononi.

Mama Profoma
Haya, chukua hizo 31 uulize maswali matatu kwa kila moja. Ina tarehe ya jambo linalofuata, na tarehe hiyo bado haijapita? Mteja mwenyewe kafanya kitu chochote ndani ya siku 30, kapiga simu, kaomba profoma ibadilishwe, kaleta fundi wake? Na tarehe ya kuklozi imesogezwa mbele mara ngapi? Dili ambayo mwezi wa nne ilikuwa "mwezi wa tano", mwezi wa tano ikawa "mwezi wa sita", na simu zote ni afisa anapiga yeye, hiyo imekufa ila hakuna aliyeizika. Fanya hivyo hivyo kwa dada, usije ukasafisha upande mmoja.

Mchuuzi wa Rejareja
Samahani naingilia. Mimi nasimamia magari ya kusambaza sabuni na mafuta ya kula kwenye maduka Temeke na Mbagala. Hizi paiplaini kwangu hazifanyi kazi kabisa, mwenye duka anaamua palepale dirishani. Sisi tunapima afisa katembelea maduka mangapi kati ya aliyopangiwa, mangapi yamenunua, na kila duka limechukua mzigo wa shilingi ngapi. Je hii si rahisi zaidi kwenu?

Mama Profoma
Kwako ni sahihi kabisa kaka, kwa sababu dili yako inaanza na kuisha ndani ya dakika kumi. Na ukiangalia hicho unachopima ni vitu vilevile, maduka mangapi, yamenunua mangapi, ya kiasi gani. Kilichopotea ni muda tu, kwako muda ni karibu sifuri. Kwa wa sola muda ndo kila kitu, mkulima anasubiri avune, shule inasubiri ada.

Mratibu wa Sola
Nimerudi, nimekesha na shiti. Za jamaa wa Dar kati ya 31 zilizo hai ni 9 tu, 22 zimekufa, kuna moja mteja alishafungiwa mfumo na kampuni nyingine toka Februari. Za dada zote 18 ziko hai, ana kawaida ya kuandika "imepotea" na sababu kabisa.

Sasa angalieni hapa. Kwenye robo hii jamaa kaklozi 5 na kaandika zilizopotea 3, yani anaonekana anaklozi 5 katika 8, asilimia 62. Dada kaklozi 5, kapoteza 12, asilimia 29. Nikizihesabu zile 22 za jamaa kama zimepotea anakuwa 5 kwa 30, asilimia 17. Hapo nimefurahi kweli, naona hoja imekamilika.

Mama Profoma
Hapana subiri, hapo unamuonea jamaa. Hizo 22 hazikufa zote robo hii, zingine huenda zimekufa toka mwaka jana. Huwezi kuzitupa zote kwenye kikapu cha miezi mitatu. Chukua miezi 12 yake yote, alizoklozi, alizoandika zimepotea, na hizo 22, ndo ugawanye. Bosi akija kugundua umembebesha mtu mizigo ya mwaka mzima kwenye robo moja hataamini chochote kingine kwenye hiyo ripoti.

Mratibu wa Sola
Sawa dada yangu. Miezi 12: kaklozi 12, zilizoandikwa zimepotea 9, zilizokufa kimya 22. Yani 12 kwa 43, asilimia 28. Dada tangu Januari mpaka Juni kaklozi 7 kapoteza 17, 7 kwa 24, asilimia 29.

Wako sawa!

Mama Profoma
Wako sawa. Na hata ingekuwa 28 kwa 35 ningekwambia wako sawa, kwa mtu mwenye dili 24 mbili tu zikigeuka asilimia inaruka nane hivi. Kwaiyo kwenye ripoti usiandike nani anaklozi vizuri kuliko mwenzake, hujui bado. Ulichokipata ni kwamba ile asilimia 62 ilitokana na mtu kutofunga faili zake.

Otieno wa Nakuru
Nimesoma hii na nimekumbuka vile ilikuwa kwetu. Nauza mifumo ya mishahara kwa kampuni hapa Kenya, na mameneja waliweka sheria kila mtu awe na paiplaini mara tatu ya targeti yake, usipofika unaitwa kwa ofisi. Wiki mbili tu kila mtu alikuwa na mara tatu. Watu walikuwa wanaandika kila kampuni waliyopitia lango lake. Mauzo hayakusonga hata kidogo. Lakini bado naamini ile sheria ya mara tatu ni nzuri kama orodha ni safi.

Mama Profoma
Ndugu yangu Otieno, mara tatu inafaa kwa anaeklozi moja katika tatu. Hawa wanaklozi asilimia 28, targeti milioni 90, gawanya 90 kwa 0.28 unapata kama milioni 321. Hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu. Mwingine anaeklozi nusu inamtosha mara mbili. Kila timu itafute namba yake kwa asilimia yake halisi.

Mratibu, dili hai za kila mmoja zina thamani gani? Ile ya milioni 150 iweke pembeni kwenye wastani.

Mratibu wa Sola
Jamaa dili 9, wastani wa milioni 15.5, jumla kama milioni 140. Dada dili 18, wastani 12.8, jumla milioni 230.

Kwaiyo kwa asilimia zao, alichonacho jamaa mezani kitatoa kama milioni 39. Cha dada kama milioni 67. Kumbe wote wawili Julai mpaka Septemba hawafiki targeti kwa walichonacho sasa, na anaepewa bonasi ndo yuko mbali zaidi. Hili bosi halijui kabisa.

Baba Neema
Hapo umenigusa kidogo. Lakini watapata na dili mpya ndani ya robo, sio?

Mama Profoma
Watapata, na hapo ndo siku zinaingia. Mratibu, dili zilizoklozi zilichukua siku ngapi? Na unaanza kuhesabu wapi?

Mratibu wa Sola
Nahesabu toka siku dili imeandikwa kwenye shiti mpaka siku advansi imeingia. Nimetumia namba ya katikati, sio wastani, maana ile ya shule ya toka Oktoba ingeharibu. Jamaa siku 85, dada siku 54. Fomula niliyoweka kwenye shiti ya kila mmoja ni hii, D ni tarehe ya kuanza, F hali, H tarehe ya kumalizika:

```
=MEDIAN(IF(F2:F200="IMESHINDA",H2:H200-D2:D200))
```

Kwa Ekseli ya zamani unabonyeza Ctrl+Shift+Enter, ukibonyeza Enter peke yake inaleta makosa.

Mama Profoma
Namba ya katikati ni sawa kabisa. Tatizo ni mwanzo na tatizo ni dada kaanza Januari.

Mwanzo kwanza. Siku ya kuandika kwenye shiti anaichagua afisa mwenyewe. Kuna watu wanaandika dili pale mteja ameshakubali profoma, halafu wanaonekana wanaklozi kwa wiki mbili na hawapotezi kitu. Utawagundua, angalia dili ngapi tarehe ya kuandikwa na tarehe ya profoma ni siku moja. Nyie mna tukio zuri ambalo afisa hawezi kulibadilisha, siku fundi anaenda kupima kisima au paa. Fundi ana fomu yake na posho yake inaandikwa. Saa ianze hapo kwa kila mtu.

La pili ni gumu kidogo. Mtu alieanza Januari, mpaka mwisho wa Juni hawezi kuwa na dili iliyochukua siku 200, hajakaa siku 200. Zilizoklozi ni zile za haraka haraka tu, za polepole bado ziko kwenye hizo 18. Kwaiyo 54 yake ni nzuri kuliko ukweli. Linganisha hivi: chukua dili zote zilizoanza Januari hadi Machi kwa wote wawili, uangalie ngapi ziliklozi ndani ya siku 90 tangu zianze. Hapo wote wamepewa muda sawa.

Fundi wa Tenda
Naongezea. Kama kuna dili za serikali humo zitoe kabisa. Mimi nauza vifaa vya maabara, tangu tenda zihamie NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mwaka 2023 hatua zote ziko humo, tangazo, siku za kuwasilisha, tathmini, kusudio la kutoa tuzo, ndipo mkataba. Afisa awe hodari vipi hawezi kuharakisha tathmini ya halmashauri. Ukichanganya tenda na wateja binafsi kwenye namba moja, afisa mwenye tenda nyingi ataonekana mzembe kwa siku, na kwa thamani ataonekana tajiri. Vyote viwili si kweli.

Mratibu wa Sola
Mkuu umeniokoa, jamaa wa Dar ana tenda mbili, nimezitoa. Hazimo kwenye hizo tisa.

Nimeanza kuhesabu kwa siku ya fundi kupima. Ile 85 na 54 hazijabadilika sana, zimesogea siku moja mbili tu, kwetu watu wanaandika dili siku zilezile za fundi kupima. Zilizoanza Januari hadi Machi: jamaa 14, ndani ya siku 90 kaklozi 2. Dada 20, kaklozi 5. Asilimia 14 kwa 25.

Mama Profoma
Vizuri. Bado ni namba ndogo, ila angalau zinaelekea upande mmoja. Sasa unaweza kuziweka pamoja: dili hai mara thamani ya wastani mara asilimia ya kuklozi, gawanya kwa siku. Inakupa hela inayotembea kwa siku kwenye meza ya kila mmoja. Na kwa dada piga hesabu mbili, moja kwa 54 zake, nyingine mpe siku 85 za jamaa kana kwamba yuko taratibu kama yeye.

Mratibu wa Sola
Jamaa: 9 × 15.5 × 0.28 ÷ 85 = kama shilingi 460,000 kwa siku.
Dada: 18 × 12.8 × 0.29 ÷ 54 = kama milioni 1.24 kwa siku.
Dada nikimpa siku 85: kama 786,000 kwa siku.

Hata nikimbana kwa siku za mwenzake bado yuko juu.

Mama Profoma
Hiyo ya tatu ndo umuoneshe bosi. Ile ya milioni 1.24 ataipinga na atakuwa na sababu. Na mwambie wazi hesabu hii inachukulia kwamba dili zikitoka mezani zingine zinaingia kwa kasi ileile, afisa akiacha kutafuta wapya leo namba itabaki nzuri kwa wiki kadhaa kisha ianguke.

Kingine cha kumwambia, kwa siku 54 dili itakayoanza baada ya tarehe 7 Agosti kuna uwezekano mkubwa isiklozi kabla ya tarehe 30 Septemba. Kwa siku 85 mwisho ulikuwa tarehe 7 Julai, umeshapita. Yani robo hii ya jamaa imeshaamuliwa kwa sehemu kubwa. Akitaka kuokoa Oktoba hadi Desemba aanze kujaza meza sasa.

Binti Sengerema
Mmesahau kitu kimoja. Aprili na Mei ni masika, nani Mwanza ananunua pampu mvua inanyesha? Mkulima wa nyanya anaanza kuitafuta pampu kiangazi kikishika. Shule nazo zina hela Januari na Julai ada zikiingia. Kumlinganisha mtu wa pampu na mtu wa mabweni kwenye robo ya mvua sio haki hata kwa hizo namba zenu tatu.

Mama Profoma
Sina la kupinga. Ukiwa na miaka miwili ya data linganisha robo na robo ileile ya mwaka uliopita. Kwa dada hamna, basi iandike kwenye ripoti kwa maneno tu.

Baba Neema
Nimefuatilia, nakubali dada asiondolewe sasa. Lakini kwenye malipo nabaki palepale, komisheni iwe kwenye hela iliyoingia. Ukianza kulipa kwa ukubwa wa paiplaini utapata yale ya Otieno.

Otieno wa Nakuru
Hapo nakubali, lakini sio kabisa. Mgeni anayejenga eneo jipya atakula nini miezi sita ya kwanza? Kwetu kuna posho ndogo kwa kila ziara ya saiti iliyothibitishwa na fundi, miezi sita tu halafu inakoma.

Baba Neema
Ataanza kupeleka mafundi kwa watu wasio na hela ya kununua. Posho italipwa na safari ya fundi ni gharama ya kampuni.

Otieno wa Nakuru
Inawezekana, ndio maana tunaangalia ziara ngapi zinazaa profoma. Zikishuka sana posho inasimama. Si kamili lakini watu wapya wanabaki.

Mratibu wa Sola
Wakuu mrejesho. Nimekaa na bosi jana. Ile ya asilimia hakuijali sana, kilichomshika ni milioni 39 kwa 67, kauliza mara mbili kama nina uhakika zile 22 zimekufa, ikabidi tumpigie mteja mmoja mmoja kwa spika. Tumepiga sita, watano hawana mpango tena wa kununua, mmoja kasema njooni mwezi wa tisa tuongee upya. Dada anabaki mpaka tarehe 30 Septemba kisha tunaangalia tena. Bonasi ya jamaa imetoka, nayo sawa, aliahidiwa.

Sasa nimepata swali lingine. Huyo mteja alierudi, ni dili ileile ya zamani au naandika mpya?

Mama Profoma
Andika mpya, saa ianze siku fundi atakapoenda kupima tena. Ile ya zamani iache imepotea, usiifufue.

Fundi wa Tenda
Hapo sikubaliani dada. Ukiruhusu hivyo, afisa akiona dili imezeeka anaiua leo na kuifungua kesho, siku zake zinaanza sifuri. Mimi ningeacha tarehe ya kwanza ibaki kama mteja ni yuleyule na mfumo ni uleule.

Mama Profoma
Akiiua inahesabiwa imepotea, asilimia yake inashuka. Ana cha kupoteza.

Fundi wa Tenda
Kwa mwenye dili nyingi haitaonekana. Mratibu, walau weka safu moja ya namba ya mteja, ukipanga kwa hiyo utaona nani ana mteja mmoja mara tatu.

Mratibu wa Sola
Safu naiweka leo. Tarehe naomba nilale nayo kwanza.